Kura ya Saa ya Mkutano: Kosa Huanzia Katika Swali

Mwanafunzi wa Kiswahili arudipo nyumbani likizoni, katika vijiji vya Kisii na Nyamira, aghalabu hutwikwa ukatibu. Kamati ya kutunza chemchemi, kamati ya karo ya yatima, kamati ya barabara ya kijiji: zote humtazama yeye kwa sababu moja, kwamba "anajua kuandika". Na kazi ya kwanza apewayo huwa nyepesi kwa sura. Huambiwa atume ujumbe wa kuwaomba wanakamati wapige kura ili ijulikane mkutano ufanyike lini. Dai la makala haya ni kwamba ujumbe huo hauandikwi ipasavyo, na kwamba mikutano mingi inayosemekana kuvunjika kwa uzembe wa wanachama huwa imevunjwa na katibu siku alipotunga swali.

Baraza la chifu halina tatizo hili, kwani saa yake hutangazwa na watu wakaenda. Ajira nayo ina mshahara wa kumvuta mtu. Mwanakamati wa kujitolea hana kimwitacho ila hiari yake, na hiari hiyo hushindana na majani chai, soko, ibada na mvua. Kwa hiyo swali la lini haliwezi kutengwa na swali la nani atakayekuwapo.

Tangu mwaka 2022 WhatsApp imekuwa na kura yake yenyewe: mtunzi huandika swali, akaorodhesha machaguo yasiyozidi 12, na kila mmoja akabonyeza. Urahisi huo ndio uliowadanganya wengi. Ujumbe wa kawaida husomeka hivi: "Wanakamati, mkutano uwe lini? Jumapili saa 8, Jumanne saa 4 au Jumatano saa 5. Chagueni moja." Maneno hayo machache yana makosa mawili makubwa.

La kwanza ni la lugha, nalo lingepaswa kuwakera wasomaji wa jarida hili kuliko wengine wote. "Jumanne saa 4" ni lini? Aliyezoea saa ya Kiswahili husoma saa nne asubuhi. Aliyezoea kuisoma simu yake kwa Kiingereza huona tarakimu 4 akafikiria saa kumi jioni. Mbaya zaidi ni "Jumatano saa 5". Katibu alikusudia saa kumi na moja jioni, ila aliihamisha tarakimu kutoka kwenye uso wa simu na kuibandika neno "saa" mbele yake. Msomaji mwenye Kiswahili sawasawa ataelewa saa tano, yaani kabla ya adhuhuri, wakati ambapo mwalimu yumo darasani na mchuma chai yumo shambani, naye ataikataa. Hajaukataa wakati uliokusudiwa. Ameukataa wakati mwingine kabisa. Kura yake imehesabiwa, na hakuna atakayegundua, kwa sababu alama ya kukataa haisemi imekataa nini. Ishara ya kosa hili huja baadaye: siku ya mkutano mtu mmoja hufika saa sita mapema, akaona pametulia, akarudi zake.

Dawa yake haihitaji ufundi. Saa iandikwe kwa maneno, ifuatwe na sehemu ya siku, kisha iwekwe tarakimu za saa 24 kwenye mabano: saa kumi na moja jioni (17:00). Anayesoma kwa mkondo wowote ataishia pamoja na mwenzake. Vilevile iandikwe tarehe, kwani "Jumatano ijayo" iliyotumwa Jumatatu huwagawanya watu makundi mawili.

Kosa la pili limo katika maneno "chagueni moja". Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kamati ya chemchemi yenye watu tisa: walimu watatu, wakulima wa chai watatu, mchuuzi mmoja, katekista mmoja na muuguzi mmoja. Kanuni yao yasema mkutano hauwezi kuamua lolote pasipo watu sita. Walimu na muuguzi wanaipenda Jumapili saa nane mchana, kwani ndiyo siku yao ya kupumzika. Wakulima wanaipenda Jumatano saa kumi na moja jioni, kwa kuwa majani huchumwa kuanzia asubuhi, yakapelekwa kupimwa alasiri, na ufikapo wakati huo kikapu kimekwisha kuwa kitupu. Mchuuzi na katekista wanaipenda Jumanne saa nne asubuhi. Kila mmoja akichagua wakati mmoja tu, Jumapili hupata kura nne, Jumatano tatu, Jumanne mbili. Jumapili imeshinda.

Lakini nani atakayefika Jumapili? Walimu watatu na muuguzi, naam. Katekista hawezi, kwani siku hiyo yuko vigangoni. Mchuuzi hawezi, maana soko la Daraja Mbili mjini Kisii huchangamka Jumatatu na Alhamisi, na Jumapili alasiri ndipo anapozunguka mashambani kukusanya ndizi na mboga za kuuza kesho yake. Wakulima wawili wana vikao vya kanisa baada ya ibada. Mmoja tu ndiye huru. Jumla ni watu watano. Wakati ulioshinda kwa haki, bila hila wala upendeleo, hautoshi hata kufungua mkutano.

Wanakamati hao hao wakiulizwa swali jingine, yaani ni nyakati zipi wanazoweza kufika, picha hugeuka. Jumapili hupata tano zile zile. Jumanne hupata tatu: mchuuzi, katekista na muuguzi. Jumatano jioni hupata nane, kwani walimu wamekwisha kutoka shuleni, chai imepimwa, mchuuzi hana soko na katekista hana kigango. Muuguzi peke yake yuko zamu. Hakuna aliyebadilisha nia yake; kilichobadilika ni swali. Swali la kwanza liliuliza mtu anapenda nini, ilhali kamati ilihitaji kujua mtu anaweza nini. Kwenye WhatsApp tofauti hiyo yote imo katika kitufe kimoja kilichoandikwa Allow multiple answers, ambacho makatibu wengi hukizima wakidhani kuruhusu alama nyingi ni kuruhusu wizi wa kura. Wizi huwa pale mtu anapojiongezea nguvu juu ya mwenzake. Hapa anayeweka alama tatu hajajiongezea chochote. Ameeleza tu kwamba ana nafasi mara tatu.

Ipo hoja kwamba kura si dawa ya kila kitu, na hoja hiyo ni ya kweli. Anayeorodhesha machaguo amekwisha kuamua nusu ya jambo. Katibu anayeweka Jumamosi tatu kwenye orodha, katika eneo ambalo Waadventista wamekita mizizi tangu mwaka 1912 walipoanza kule Nyanchwa, amewatoa watu kabla hawajabonyeza. Hata Ijumaa jioni ni ya kuangaliwa, kwani Sabato huanza jua linapotua, nalo katika nyanda hizi za karibu na ikweta hutua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Jumapili nayo ina wenyewe. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911. Alasiri nazo zina mvua, kwani upepo unaopanda kutoka Ziwa Victoria hukutana na milima hii, na wingu la saa tisa hapa si pambo. Hiyo Jumatano ya saa kumi na moja basi ina gharama zake: njia ina tope, na giza liko karibu. Mkutano hauna budi kumalizwa kwa muda wa saa moja na nusu, na ujumbe useme hivyo tangu mwanzo.

Tena kura huwahesabu watu kana kwamba wote ni sawa, na mkutanoni si sawa. Ikiwa muuguzi asiyeweza Jumatano ndiye mweka hazina, na ajenda ni hesabu za michango, basi watu wanane watakaa wakitazamana. Katibu mwangalifu hupiga simu kwa mtu huyo kabla ya kutunga orodha, akaanza na nyakati anazoziweza. Na hata kama si mweka hazina, mtu anayekosa mikutano mitatu mfululizo kwa sababu ya zamu, huku wenzake wakisema "kura imeamua", ameondolewa kimyakimya. Kwake haifai kura nyingine. Inafaa mkutano mmoja katika kila mitatu uwekwe wakati autakao yeye.

Kuna pia wenye simu za kabambe. Kura ya WhatsApp haiwafikii, na kimya chao husomwa kuwa kukubali. Wao hutumiwa SMS, wakajibu kwa nambari tu, na katibu akaongeza hesabu zao mwenyewe mbele ya wote. Mwenyekiti naye afadhali apige kura mwisho. Kura hizi huonyesha majina, na palipo na heshima kwa wazee, mzee akibonyeza Jumapili saa moja baada ya ujumbe kutumwa, vijana wanne watabonyeza Jumapili hiyo hiyo, hata yule ambaye hatafika.

Ujumbe unaoweza kutumwa, basi, ni wa namna hii. Nafasi ya swali katika kura ni finyu, kwa hiyo maelezo hutangulia kama ujumbe wa kawaida, kura ikafuata:

"Ndugu wanakamati, mkutano wetu ni wa kukagua ukuta wa chemchemi na kusoma hesabu za michango. Utachukua saa moja na nusu, usizidi. Tafadhali weka alama kwenye KILA wakati unaoweza kufika, hata kama si ule uupendao zaidi.
1. Jumapili tarehe 8, saa nane mchana (14:00)
2. Jumanne tarehe 10, saa nne asubuhi (10:00)
3. Jumatano tarehe 11, saa kumi na moja jioni (17:00)
4. Sina nafasi katika nyakati hizi zote
Asiye na WhatsApp ajibu kwa SMS, nambari tu, mfano 1,3. Kura itafungwa Ijumaa tarehe 6, saa sita mchana (12:00). Asiyejibu kufikia hapo atapigiwa simu."

Chaguo la nne ndilo linaloachwa mara nyingi, na pengine ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Pasipo hilo, asiyeweza hukaa kimya sawasawa na asiyesoma, na katibu hawezi kuwatofautisha. Akiona watu watatu wameliwekea alama, anajua kwamba orodha yake ilikuwa mbovu, na anaitunga upya kabla ya mtu yeyote kulipa nauli ya bodaboda kwenda kukaa chini ya mti na wenzake wanne.