Mutumbula wa usiku haiko bulozi

Mutoto wa mwenzetu mumoja wa kazi iko na myaka 4. Kwa wiki mbili alikuwa anaamuka karibu na asubui, analia: mutumbula anaingia ku dirisha, anataka kumubeba. Baba iko ku posti ya usiku, mama iko peke yake na batoto. Jirani akamwambia: «Uyu iko na bulozi, mumupeleke bamuombee.»

Hapo sisi tunakataa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto bulozi. Tena, mutoto wa myaka ile anaweza kuota vitu vya kutisha, na hajajua bado kutenga vizuri ndoto na kweli. Kwake mutumbula iko pale kabisa.

Kwa hiyo usiku tusimucheke, tusimugombeze. Mama akae karibu, amushike, aseme polepole: «Uliogopa. Ilikuwa ndoto. Mama niko hapa.» Inatosha. Maulizo mengi yanamuamusha zaidi. Na tusikamate fimbo kumufukuza mutumbula chini ya kitanda: mutoto ataona kama mama pia anamuamini.

Kazi yenyewe inafanyika muchana. Yule mama alimupa mutoto makala, akamwambia achore mutumbula pale chini ku simenti. Kisha akamuuliza: «Sasa tumufanye nini?» Mutoto mwenyewe akamuvalisha kaske ya baba, kubwa, inamufunika macho, hata dirisha haioni, anajigonga ku ukuta, anarudia kwao. Bakacheka. Kila mangaribi, mbele ya kulala, balirudilia ile hadisi na mwisho wake mupya. Ndoto hazikukatika siku moja, lakini zilipunguka.

Kulibaki kutafuta kwenye zilitokea. Kaka yake alikuwa anamutisha: «Kama haulale, mutumbula atakukamata.» (Wakubwa wangapi tunasema vile vile ili tupate kimya?) Na sisi wenyewe tunaongea mambo ya udongo kuangukia bantu mu shimo, mutoto anasikia, kisha anaona baba anatoka na giza. Sasa yule baba, mbele ya kutoka, anamwambia: «Ukiamuka, utanikuta naoga.»

Kuko kitu ingine inafanana na hii lakini haiko hii. Kama mutoto analalamika kwa nguvu saa moja ao mbili tu kisha kulala, macho wazi, hakujue, na kesho hakumbuke kitu, usimutikise kwa kumuamusha. Mulinde tu asianguke, atalala tena.

Kama iko na homa, apimwe malaria siku ile ile. Na kama ndoto zinaendelea wiki na wiki, ao anakataa kulala, ao zilianza kisha kifo, mapigo, ao muntu kumugusa vibaya, mumupeleke ku santi, mueleze munganga yote, mutoto akiwa pembeni asisikie.