Usiniulize uanze na loti ngapi

Kazi za wateja zimenibana, lakini jana binamu yangu alinipigia simu na swali lake limenikosesha usingizi, basi acha nilitoe hapa.

Binamu ni fundi wa programu kama mimi, mdogo wangu kwa miaka saba. Amelipwa shilingi 40,000 kwa kuitengenezea shule moja mfumo wa karo, na sasa anataka kuingia katika biashara ya fedha za kigeni. Ameshafungua akaunti ya majaribio, ameshajua kubonyeza Buy na Sell. Akaniuliza: "Kaka, nianze na loti ngapi?"

Nikamwambia hilo ni swali la mwisho, si la kwanza. Akadhani ninamficha siri. Simfichi. Maoni yangu, na nimeyalipia kwa pesa zangu, ni kwamba ukubwa wa biashara si kitu unachochagua. Ni jibu la hesabu ya kugawanya. Wewe unachagua vitu viwili tu: pesa utakayokubali kupoteza, na bei ambayo ikifikiwa utakubali kwamba ulikosea. Ukishakuwa na hivyo viwili, loti inajitokeza yenyewe.

Mwaka 2019 mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa na dola 200. Kisanduku cha Volume kilikuwa tayari kimejazwa 0.10, nikakiacha hivyo hivyo, nikanunua EURUSD, sehemu ya Stop Loss nikaiacha tupu, kisha nikaingia mkutanoni. Nilipotoka bei ilikuwa imeshuka pipu 90. Kwa 0.10 kila pipu ni dola moja, kwa hiyo dola 90 zilikuwa zimekwenda kabla sijamaliza kunywa chai. Nikafunga kwa woga. Siku mbili baadaye bei ilikuwa imepanda hadi pale nilipotabiri. Kumbe upande niliuchagua vizuri, ila ukubwa ndio ulionifukuza.

Turudi kwa binamu. Kwanza nilimuuliza kodi ya nyumba ni ngapi. Elfu kumi na nne. Basi hizo si mtaji, ziondoe. Zinabaki 26,000, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni kama dola 200. Akaunti ni hiyo.

Swali la pili: biashara moja ikienda vibaya, utapoteza ngapi? Kanuni ya kawaida ni asilimia 1 au 2 ya akaunti. Wengi huona ni uoga, lakini ukifikiria mfululizo wa hasara utaelewa. Tuseme mbinu yako inashinda nusu ya mara, kama kurusha shilingi. Ndani ya biashara 100, nafasi ya kupoteza mara sita mfululizo angalau mara moja ni zaidi ya nusu. Yaani hiyo si bahati mbaya, hiyo ni ratiba. Kwa hiyo jiulize: nikipigwa mara sita bila kupumua, nitabaki na nini?

Swali la tatu ni bei ya kukubali kosa, na hapa ndipo watu hudanganyana. Kikomo cha hasara hakiwekwi mahali mfuko wako unapopenda. Kinawekwa mahali ambapo soko likifika, sababu yako ya kununua imekufa. Binamu alitaka kununua EURUSD kwa 1.1640, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mara mbili hadi karibu na 1.1605 na kuruka juu mara zote mbili. Basi ikishuka chini ya hapo, hoja yake imekwisha. Akaweka kikomo 1.1600. Kutoka 1.1640 hadi 1.1600 ni pipu 40.

Sasa gawanya. Loti 1 ya EURUSD ni euro 100,000, na pipu moja hapo ni dola 10. Loti 0.01 ni euro 1,000, na pipu ni senti 10. Nilimwandikia mistari hii kwa Python:

```python
import math

akaunti = 200    # dola
hatari = 0.02    # asilimia 2
pipu = 40        # umbali hadi kikomo
thamani = 10     # dola kwa pipu, loti 1

loti = akaunti * hatari / (pipu * thamani)
loti = math.floor(loti * 100 + 1e-9) / 100
print(loti)
```

Jibu ni 0.01. Ile `1e-9` ni kwa sababu tarakilishi haihesabu desimali kama tunavyodhani: 0.29 mara 100 huipa 28.999999999999996, na ukiikata kwenda chini unabaki na 28. Na ni lazima tukate kwenda chini, kamwe si juu, maana kwenda juu ni kuvunja ahadi uliyoandika dakika moja iliyopita. Hiyo thamani ya dola 10 inafaa pale dola inapokuwa fedha ya pili katika jozi, kama EURUSD na GBPUSD. Kwa USDJPY lazima uitafute upya.

Sasa badilisha `hatari` iwe 0.01. Hesabu inatoa 0.005, nayo ikikatwa inakuwa 0.0. Binamu akasema programu yangu ina hitilafu. Haina. Sifuri ni jibu. Maana yake ni kwamba akaunti hii ni ndogo mno kwa biashara hii, kwa hatari hii, kwa sababu kiwango cha chini kwa broka wake ni 0.01.

Hapo akafanya jambo ambalo kila mgeni hulifanya. Akasema, "Basi kaka, nisogeze kikomo kiwe pipu 20, hesabu itatosha." Ndiyo, hesabu itatosha, lakini kikomo sasa kiko 1.1620, katikati ya mahali ambapo bei hutembea kila saa bila sababu. Utatolewa nje na kelele za kawaida, huku hoja yako ikiwa bado hai. Njia za haki ni tatu: ukubali asilimia 2 ukijua unachokubali, usubiri nafasi ambayo kikomo chake cha kweli kiko karibu, au utafute akaunti inayoruhusu vipimo vidogo zaidi. Akachagua asilimia 2, yaani dola 4. Sawa.

Kisha ukweli ukatoka: alichokitamani hasa ni dhahabu. XAUUSD ndiyo wenzake wanayoionyesha kwenye simu. Tukahesabu. Kwa mabroka wengi loti 1 ya dhahabu ni aunsi 100, kwa hiyo 0.01 ni aunsi moja, na bei ikisogea dola moja wewe unasogea dola moja. Kikomo cha maana kwenye chati yake kilikuwa dola 15 chini. Yaani kwa kiwango kidogo kabisa kinachoruhusiwa, anahatarisha dola 15 kati ya 200, asilimia 7.5. Na kwa kuwa hawezi kupunguza chini ya 0.01, hiyo 15 haipungui hata akaunti ikipungua. Zile hasara sita mfululizo zinamla dola 90 na kumwachia 110. Ili arudi alipoanza anahitaji faida ya karibu asilimia 82. Kwa EURUSD hasara hizo hizo sita ni dola 24, anabaki na 176, na anahitaji kama asilimia 14 tu. Mtu ni yule yule, makosa ni yale yale, ila mmoja bado yuko mchezoni.

Broka hatakuzuia. Kwa mkopo anaokupa juu ya dhamana yako, dola 200 zinaweza kufungua loti kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Kuruhusiwa si hesabu.

Baada ya kikomo cha biashara moja, tuliandika viwili vingine kwenye karatasi kabla hajabonyeza chochote. Cha siku: dola 8, yaani hasara mbili, kisha programu inafungwa hadi kesho. Hiki ni cha kukulinda wewe na wewe, kwa sababu biashara ya tatu baada ya kupigwa mara mbili huwa ni ya kulipiza kisasi, na loti yake huwa kubwa. Cha mwisho: akaunti ikifika dola 160, anaacha na kurudi kwenye majaribio, maana hasara kumi za jumla zinaonyesha kwamba mbinu inahitaji kuchunguzwa, wala si mtaji kuongezwa. Hakuna kutuma nyingine kwa M-Pesa usiku.

Kikomo cha biashara kiwekwe katika agizo lenyewe, si kichwani. Kikiwa kwenye seva ya broka kitafanya kazi hata stima ikipotea na simu ikizima. Cha kichwani kina tabia ya kusogea. Na kama unauza badala ya kununua, kumbuka chati ya MetaTrader kwa kawaida huchora bei ya Bid, lakini biashara ya kuuza hufungwa kwa Ask, ambayo iko juu kidogo. Usipoongeza tofauti hiyo, utatolewa wakati chati inaonyesha bei haijafika, kisha utamlaumu broka bure. Kwenye hesabu ya loti pia, tumia umbali huo mpya.

Lakini nisikudanganye kwamba kikomo ni ukuta. Ni ombi la kuuza kwa bei itakayopatikana. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ghafla sakafu ya faranga 1.20 kwa euro iliyokuwa imeilinda tangu Septemba 2011. Kwa dakika chache euro ilianguka hadi chini ya faranga moja. Vikomo vilikuwepo, wanunuzi hawakuwepo. Kuna watu waliolala na deni kwa broka, na Alpari UK ya London iliingia katika ufilisi. Jambo dogo la aina hiyo hutokea soko linapofungwa Ijumaa kwa bei moja na kufunguka kwa nyingine. Ndiyo maana nilimtuma binamu aulize, kwa maandishi, kama akaunti yake inaweza kwenda chini ya sifuri. Broka akisema haiwezi, basi pesa uliyoweka ndiyo kikomo chako cha mwisho, na ile ambayo hukuiweka ndiyo pekee iliyo salama kabisa.

Leo asubuhi binamu amenitumia picha ya skrini: EURUSD, 0.01, Stop Loss 1.1600. Halafu akaniuliza kama itapanda. Nikamjibu sijui, na kwamba kwa mara ya kwanza hahitaji mimi nijue. Ikikataa ni dola 4, na kodi iko mahali pake.

Ngoja nirudi kwa wateja kabla hawajanifunga.