Muulize mgonjwa: ulipanda au ulishuka?

Mchuuzi anayeteremka kutoka Bungu na mkungu wa ndizi kichwani hadi bondeni Korogwe, kisha akapanda kurudi kwake mikono mitupu, huamini kwamba ni kule kupanda kulikomtesa. Alihema, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio. Keshoye mapaja yamekaza kwa mbele, hata kuketi kwenye kigoda anashikilia ukuta. Hukumu yake inaeleweka, lakini si sahihi: kilichomuumiza ni mteremko.

Kila uzi wa msuli umejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo sarkomia; 400 hivi vikipangwa mstari mmoja hujaza milimita 1. Ndani yake nyuzi nyembamba za aktini zimepishana na nyuzi nene za miosini. Mshipa wa fahamu unapotoa amri, kalsiamu humwagika ndani ya uzi, vichwa vya miosini huikamata aktini, huivuta, kisha huiachia kwa kutumia nishati ya ATP ili kukamata upya mbele kidogo. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande wa pili, yalionyesha kwamba nyuzi zenyewe hazifupiki. Huteleza tu, moja kando ya nyingine.

Mtu anapopanda, msuli wa mbele ya paja hufupika huku ukivuta. Anaposhuka, goti hukunjwa na uzito wa mwili na mzigo, na msuli uleule hurefushwa huku ukiendelea kuvuta, kama breki. Hapo vichwa vingi vya miosini havisubiri ATP viachie, bali hung'olewa kwa nguvu. Ndiyo maana kushuka hakumhemeshi mtu: gharama yake ya nishati ni ndogo, na nyuzi zinazoitwa kazini ni chache. Lakini uchache huo ndio hatari yenyewe, kwa kuwa kila uzi hubeba mvutano mkubwa kuliko wakati wa kupanda. Sarkomia dhaifu hunyooshwa kupita kiasi kabla ya jirani zake, na baadhi hazirudi kupishana sawasawa. Nyuzi za kasi, zitoazo nguvu nyingi na kuchoka upesi, huumia zaidi kuliko nyuzi za pole zinazotumika kutembea siku nzima. Nguvu hupungua papo hapo; maumivu huja baadaye, huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hufifia ndani ya wiki.

Hadithi hii ya saa na siku ndiyo inayopaswa kuulizwa kliniki, na mara nyingi haiulizwi. Mgonjwa husema "mwili wote unauma", naye hupimwa malaria. Kupimwa ni haki yake akiwa na homa. Ila uchovu wa mteremko hauleti homa, wala hauhitaji sindano. Unahitaji kutembea taratibu, na mteremko mwingine mfupi baada ya siku kadhaa, kwa sababu msuli uliokwisha kuumia hivyo mara moja huumia kidogo sana mara ya pili, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawia nzito, jambo ni jingine: protini ya msuli inapita kwenye figo. Kijiti cha mkojo kitaonyesha damu, ilhali darubini haioni chembe nyekundu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asipewe diklofenaki, ambayo ingezidi kuzielemea figo.

Kuchanika kwa msuli ni mwana wa baba huyohuyo, ila hakungoji kesho. Mchezaji mpira wa Handeni anayekimbia kwa kasi zote hurusha mguu mbele, na msuli wa nyuma ya paja huvuta ili kuuzuia, ukirefuka. Karibu na mahali nyama inapoungana na kano, hukatika. Anashika paja na kusimama; asiyesimama ghafla namna hiyo, akalalamika kesho tu, kwa kawaida hakuchanika.

Wachuaji hukimbilia kulikanda paja hilo kwa nguvu siku ileile, jambo linaloongeza kuvuja damu. Kulilaza wiki nyingi nako kunadhoofisha. Timu zingefaidika na zoezi lisilohitaji kifaa: mchezaji apige magoti kwenye mkeka, mwenzake ambane vifundo vya miguu, naye ainame mbele polepole akijizuia kwa nyuma ya mapaja hadi mikono iguse chini. Tafiti za timu zilizolifanya kwa msimu zimeona majeraha ya msuli huo yakipungua kwa takriban nusu. Waanze na seti 2 za mara 5, mara moja kwa wiki, wakiongeza taratibu. Wiki ya kwanza mapaja yatauma, kwa sababu zilezile za mteremko wa Bungu.