Bibi Wanakuja: Ni Wangapi?

Desemba iliyopita shangazi yangu, aishiye Msambweni, alimwandikia arafa mke wa binamu yangu huku Nairobi. Naunukuu ujumbe wenyewe kama ulivyokuwa: "Bibi wanakuja kesho na basi la usiku. Wapokee kituoni alfajiri, wamechoka." Mke huyu wa binamu yangu alizaliwa na kulelewa Nakuru. Kiswahili chake ni kizuri, tena alikisoma hadi kidato cha nne na kupata alama ya kupigiwa mfano. Aliisoma arafa ile kama alivyofundishwa, akaona "wa-" tatu katika sentensi mbili, akahitimisha kwamba wageni ni zaidi ya mmoja. Akaazima magodoro mawili kwa jirani. Akakodi teksi kubwa. (Jirani mwenyewe, ambaye kwake "bibi" ni mke wala si nyanya, alimuuliza kwa mshangao hao ni wake wa nani wanaosafiri usiku.) Alfajiri ilipofika alisimama kituoni akitazama kila basi la Mombasa likiwasili, akiwatafuta wanawake wazee wawili au watatu walioandamana. Hakuwaona. Bibi yetu, ajuza wa zaidi ya miaka themanini, alikuwa ameshuka peke yake katika basi la pili, akapita mbele yake, akaketi juu ya mzigo wake kwenye baridi kwa muda wa saa nzima na zaidi.

Kisa hakikuishia hapo. Walipofika nyumbani, mke wa binamu yangu alijibu: "Bibi amefika salama. Anakula." Shangazi aliisoma arafa hiyo kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, kama ilivyo ada ya nyumba ambayo simu ni moja na masikio ni mengi. Babu alikuwapo. Akauliza, "Nani huyo anayekula?" Jioni shangazi alinipigia mimi, si mwandishi wa arafa, akaniuliza, "Mwanangu, nyinyi huko mnasomeshwa Kiswahili gani? Bibi yenu amekuwa mtoto mwenzenu?"

Nilishindwa kumjibu shangazi, kwa sababu nilipokuwa nikifundisha katika shule ya upili kabla ya kurudi chuoni, nilizikata kwa wino mwekundu sentensi nyingi za namna ya "bibi wanakuja" na kuandika pembeni: upatanisho wa kisarufi. Nilikuwa nikiwakosoa wanafunzi wangu kwa kuandika vile nilivyosema mwenyewe nyumbani kwetu.

Hoja ya kawaida tuisikiayo katika kumbi zetu za mihadhara ni kwamba uwingi huu wa heshima ni athari ya lugha za mama, kwamba Kiswahili Sanifu hakiutambui, na kwamba mtu mmoja ni mmoja hata awe mzee wa namna gani. Hoja hii ina ukweli kwa upande wa vitabu vya sarufi tunavyofundishia. Hata hivyo haituelezi ni kwa nini arafa ya shangazi ilipotosha. Tukisema tu kwamba alikosea, tutakuwa tumeiacha kando sehemu ya suala hili iliyo na manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa sarufi.

Tuchunguze nomino zenyewe. Mtu akiandika "Mzee wanakuja", hakuna msomaji atakayedhani wazee ni wengi. Kiambishi m- katika "mzee" kimekwisha kusema kwamba huyu ni mmoja, kwa hiyo wa- ya kitenzi haina kazi nyingine iliyobaki isipokuwa heshima. Hali ni hiyo hiyo kwa "mwalimu wamefika" na "mjomba wamelala". Nomino hizi hubeba idadi katika umbo lao. Lakini bibi, babu, baba, mama, nyanya na shangazi hazina kiambishi cha idadi. Umbo la umoja na la uwingi ni moja, na kwa kuwa zinataja watu, kitenzi chake hufuata A-WA. Matokeo yake ni kwamba kazi yote ya kuonyesha idadi inaangukia kitenzi. Mwandishi akikichukua kitenzi hicho na kukitumia kwa heshima, msomaji anabaki bila chombo cha kuhesabia. Tanbihi kwamba nomino hizi zisizo na kiambishi ndizo hasa majina ya jamaa tunaowastahi zaidi. Pale heshima inapodaiwa sana ndipo utata unapozidi.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana utata huu haudhuru. Msemaji na msikilizaji wanajua bibi ni yupi na yuko wapi, na asiyejua huuliza papo hapo. Tena heshima yenyewe ina njia nyingi za kupita: sauti hushuka, macho huinama, msemaji husimama mzee akiingia. Aliyezoea kusema "bibi anakuja" huweza kuifidia a- hiyo kwa mwenendo wake, na hakuna atakayemlaumu. Arafa haina sauti wala macho. Adabu yote iliyokuwa imeenea mwilini inabanwa katika herufi moja, w, mwanzoni mwa kitenzi. Ndiyo maana shangazi aliishikilia, na ndiyo maana babu aliona imekosekana. Nao wanaodai kwamba vijana huandika "anakuja" ili kuokoa nafasi hawajahesabu: "anakuja" ina herufi saba, "wanakuja" ina nane, na arafa moja ina nafasi 160.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wasomi wa vyuoni, ambao kila mmoja ana simu yake, hulisahau. Arafa inayomhusu mzee aghalabu husomwa mbele ya mzee huyo au mbele ya rika lake. Mwandishi anadhani anamtaja mtu asiyekuwapo, kumbe anayetajwa yuko sebuleni anasikiliza. Nafsi ya tatu inageuka kuwa karibu sawa na nafsi ya pili. Na katika nafsi ya pili wengi wetu, hata tusiosema "bibi wanakuja", hatuoni tatizo kumwambia mzee mmoja "karibuni" au "mmeshindaje". Uwingi wa heshima basi si mgeni katika Kiswahili chetu. Tofauti ni mahali unaporuhusiwa kufika.

Hapa ndipo penye suluhisho, nalo lilikuwa kinywani mwa watu wa kwetu muda wote. Nilipoanza kuwasikiliza kwa makini niligundua kwamba hawasemi "bibi zangu wanakuja" wanapomtaja mmoja. Husema "bibi yangu wanakuja". Kimilikishi kinabaki katika umoja, kitenzi kinakwenda katika uwingi. Mwalimu wa ngeli ataona mgongano, ila mgongano huo ndio unaobeba maana: "yangu" inahesabu, "wa-" inaheshimu. Wakiwa wengi ni "bibi zangu wanakuja", na kama ni bibi pamoja na aliofuatana nao ni "kina bibi wanakuja". Maumbo matatu, maana tatu, wala hakuna mawili yanayochanganyika. Arafa ya shangazi haikuharibiwa na uwingi wa heshima. Iliharibiwa na kuachwa kwa neno moja fupi, "yetu", ambalo katika mazungumzo halihitajiki kwa sababu kila mtu anajua bibi ni wa nani.

Mpangilio huu wa umoja katika kivumishi na uwingi katika kitenzi si kioja cha Msambweni. Mwanaisimu Greville Corbett alionyesha mwaka 1979 kwamba upatanisho wa kimaana haupatikani kwa kiwango kimoja kila mahali katika sentensi. Kivumishi kinachoambatana na nomino hushikilia umbo zaidi, kitenzi hulegea kidogo, na kiwakilishi hulegea zaidi. "Bibi yangu wanakuja" imekaa katika ngazi hiyo barabara. Si kila lugha ya Kibantu husimama hapo tuliposimama sisi. Washona wa Zimbabwe husema "baba vangu vauya" kwa baba mmoja aliyekuja, na hapo hata kimilikishi kimeingia katika uwingi wa heshima. Wao wanaweza kumudu hilo kwa kuwa wanapotaka akina baba wengi wana umbo jingine la nomino, "madzibaba". Sisi tukiupeleka uwingi hadi kwenye kimilikishi hatutakuwa na pa kuhesabia tena, isipokuwa tutumie "kina" kila mara.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe husita. Yambwa haina taabu: "wapokee" inafuata "wanakuja" bila kelele, mradi "yetu" imetangulia. Vilevile "dawa zao" badala ya "dawa zake" inasomeka vyema. Ila "bibi yetu ni wagonjwa" inanitia shaka, kwa sababu kivumishi chenye wa- kinarudisha wingi wa watu kwa nguvu mno, na katika habari ya ugonjwa hakuna anayetaka kuchezacheza na idadi. Nimewauliza jamaa zangu wanne. Watatu walisema wangeandika "bibi yetu wanaumwa" na kukikwepa kivumishi kabisa. Naona wamefanya vyema, ingawa sijui kama walikuwa wakikwepa utata au ndivyo lugha yao ilivyo.

Kwa walimu wenzangu nina ombi mahususi. Katika mtihani wa sarufi, "Bibi anakuja" na ibaki kuwa jibu linalotarajiwa, maana mtahiniwa anapimwa kwa kanuni aliyofundishwa. Lakini katika uandishi wa kiuamilifu, tunapompa mwanafunzi zoezi la kumwandikia jamaa arafa, tusiikate "bibi yangu wanakuja" kwa wino ule ule tunaoukatia "kitabu wanakuja". La kwanza lina kanuni, la pili halina. Tukikosoa, tukosoe "bibi wanakuja" iliyo tupu, na tumweleze mwanafunzi kwamba kosa ni kumnyima msomaji idadi, wala si kumheshimu bibi yake.

Na kwa wale wa kwetu wanaoona kila "a-" kuwa ni ufedhuli, nasema mke wa binamu yangu hakumdharau mtu. Alisimama kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri akiwasubiri bibi ambao hawakuwapo. Shangazi alilikubali hilo, japo kwa shingo upande. Mwezi wa pili bibi alipokuwa akirejea pwani, nilionyeshwa arafa iliyotumwa kutoka Nairobi: "Bibi yetu wameondoka saa tatu usiku. Ni peke yao." Shangazi alijibu kwa neno moja, "Ahsante", kisha baada ya dakika chache akaongeza: "Na mizigo ni mingapi?"