Acheni kuwafuta wazee kwenye wasifu wao

Kuna ushauri mmoja unazunguka huku Taita, kuanzia saiba za Voi mpaka kwetu Mghange, na mimi nimeuchoka. Mzee wa miaka hamsini na kitu akitaka kazi ya mkataba, anaambiwa: "Mzee, toa hizo miaka za zamani, weka picha ya ujana, andika wewe ni mbunifu mwenye shauku." Anatoka na karatasi mbili zinazosoma kama za kijana aliyemaliza chuo Desemba. Hiyo si kusasisha wasifu, ni kumfuta mtu.

Chukulia mjomba wangu. Ni fundi wa maji, alianza na wizara mwaka 1989. Ikaja Sheria ya Maji ya 2002 na kampuni za maji, halafu kaunti mwaka 2013, halafu sheria nyingine ya 2016. Yeye yuko kwenye bomba muda wote huo. Ukimwondolea miaka ya mwanzo, umeondoa kitu ambacho kijana hawezi kuwa nacho: ameiona mifumo mitatu ikipokezana na anajua kila mmoja uliacha mabomba gani chini ya ardhi.

Lakini tuseme ukweli, wasifu wake wa zamani ulikuwa umechakaa. Ulianza na dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Ukaja mtihani wa CPE, ambao wa mwisho ulifanywa 1983, kwa hiyo hata bila tarehe ya kuzaliwa umri wake ulikuwa wazi. Kazi yenyewe ikapewa mstari mmoja: "Kusoma mita, kutengeneza mabomba na kazi nyingine yoyote nitakayopewa." Hapo ndipo shida ilipo, bana. Miaka yake haina neno. Hiyo ni lugha ya barua ya ajira ya serikali, inayoeleza alichoamriwa na kuficha alichofanya.

Nilimuuliza swali moja: maji yakipotea, unajuaje? Akaongea nusu saa. Unasoma mita kubwa inayotoka kwenye tangi, unajumlisha mita za wateja wa mwezi huohuo, unalinganisha. Zikitoka yuniti 100 na wateja wakaonyesha 60, 40 zimeenda wapi? Unarudi usiku watu wamelala, unafunga vali sehemu moja baada ya nyingine huku ukiangalia mita ya tangi. Ukifunga sehemu fulani na mshale ukapoa, umepata mtaa wenye tobo, au mwenye bomba la wizi.

Sasa, matangazo ya kazi ya leo yanaita hiyo "kupunguza maji yasiyolipiwa". Mjomba ameifanya tangu kabla jina hilo halijamfikia. Kwa hiyo tuliandika hivi: "Fundi wa mitandao ya maji ya mserereko milimani, hutafuta na kupunguza maji yasiyolipiwa kwa kulinganisha mita na kupima mtiririko wa usiku." Hakuna shauku hapo, hakuna ubunifu, na hakuna mtu atakayesema ni lugha ya 1989.

Miaka kumi na mitano ya mwisho tuliipa nafasi kubwa. Ya wizara tukaibana mistari mitatu, tarehe zikabaki. Mwaka wa kuanza ukifichwa, kitambulisho kitasema umri wako siku ya usaili, na hapo utaonekana uliogopa. Katiba yenyewe, ibara ya 27, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Najua waajiri wengine wanabagua tu. Lakini anayekutupa kwa sababu ya 1989 angekutupa pia akikuona mlangoni.

Kwa kompyuta, mjomba alikuwa ameandika "najua kompyuta". Tukaifuta, tukaweka anachofanya kweli: anaweka usomaji wa mita kwenye jedwali la Excel, anachukua alama za mahali pa vali kwa simu. Kuchora ramani hajui, na hatukuandika. Kijana wa saiba alitaka tuongeze hiyo "kwa sababu kila mtu anaweka". Akiulizwa afungue programu mbele ya watu, nani ataaibika, wewe au mzee?

Picha tulipiga nyumbani, mvi zote zikionekana, shati safi, ukuta mtupu nyuma. Kwenye LinkedIn tuliondoa neno "mstaafu", maana mtu anayetafuta kazi akijiita hivyo, mwajiri anapita.

Kazi za kaunti ni habari nyingine. Fomu yao ikitaka mwaka wa kuzaliwa na vyeti vyote tangu msingi, jaza kama ilivyo, CPE ikiwemo. Huu wasifu mfupi ni wa makandarasi na miradi ya mashirika, na ndiko mjomba anakopeleka wiki hii.