Kabla ya kulipia alaina, angalia meno yako yanavyokutana

Cheki, mimi sina noma na alaina. Noma yangu ni vile kila msee hapa Kericho sasa anaamini ile plastiki angavu ni bresi za wenye pesa, na waya ni za wale ambao mfuko umekauka. Si hivyo. Kinachoamua ni kazi iliyo mdomoni mwako.

Alaina hufanya kazi kwa kusukuma. Unapewa seti nyingi zilizopangwa kwa zamu, na kila moja husogeza jino kama robo milimita tu. Unavaa moja kwa wiki moja au mbili, kisha unahamia inayofuata. Kama meno yako ya mbele yamebanana kidogo, au ulivaa bresi ukiwa sekondari halafu meno yakaanza kurudi yalikotoka, hiyo ni kazi yake kabisa. Hata mwanya inaufunga vizuri, ingawa huku kwetu mwanya ni urembo, kwa hivyo jiulize mara mbili.

Mambo hubadilika jino likitakiwa kuvutwa chini au kuzungushwa. Chukua mfano wa binti wa Bomet ambaye chonge lake la juu limeota juu kwenye ufizi, likakosa nafasi, likapanda juu ya mwenzake. Chonge hilo linafaa lishuke milimita nne, tena ligeuke. Sasa plastiki laini itashika wapi kwenye jino la mviringo? Inateleza. Daktari hugandisha vinundu vidogo vya rangi ya jino ili ipate pa kukamata, lakini bado jino linaweza kubaki nyuma. Utajua kwa macho: kati ya ncha ya jino na plastiki kuna nafasi, na alaina inayofuata inakataa kukaa.

Halafu huenda gego moja dogo likang'olewa kila upande ili chonge lipate nafasi. Pengo hilo ni kama milimita saba, na kulifunga vizuri ni lazima mzizi usafiri pamoja na jino. Plastiki hupenda kuyalaza meno kuelekea pengo, kama nguzo za ua zinazoinamia shimo. Waya uliopita kwenye vibati vilivyogandishwa unaweza kusimamisha mzizi wima. Huyo binti ningemwambia bila kupepesa macho: vaa waya.

Jipime mwenyewe. Uma kwa magego ya nyuma, fungua midomo, jitazame kwenye kioo. Meno ya juu yanafaa kufunika ya chini kwa milimita mbili au tatu. Kama ya chini hayaonekani kabisa, au yanagusa ufizi wa juu kwa ndani, waya kwa kawaida hufanya kazi hiyo vizuri kuliko plastiki. Kama taya la chini lenyewe limetangulia mbele, huenda hata waya peke yake hautoshi. Mtu mzima anaweza kuhitaji upasuaji wa taya. Kama ya mbele hayagusani na uwazi ni mdogo, hapo alaina ina nafasi, kwa sababu plastiki inayofunika magego huyakandamiza kidogo.

Na usidhani ile video ya kompyuta inayoonyesha tabasamu lako la mwisho ni ahadi. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2009 wakakuta meno yalifika, kwa wastani, asilimia 41 tu ya safari iliyopangwa. Kipimo kama hicho kilichotolewa 2020 kilipata 50. Ndiyo maana watu wengi hurudi kuchukuliwa vipimo upya na kupewa seti za ziada.

Sasa tuje kwa chai, maana tunaishi katikati yake. Alaina inataka saa 22 kwa siku. Huwezi kunywa chai ya maziwa ukiwa nayo: joto linaikunja, sukari inakwama chini yake na kutoboa meno, rangi inabaki. Kwa hivyo kila kikombe ni kuitoa. Chai ya asubuhi dakika 20, ya saa nne 20, chakula cha mchana 30, ya saa kumi 20, chajio 30. Saa mbili zimeisha, na bado hujapiga mswaki wala mgeni hajabisha hodi. Kama kwenu chai haiishi, waya hauhitaji nidhamu yako. Unafanya kazi hata ukiwa umelala.

Upande mwingine nakubali: waya unataka kuonwa kila wiki nne hadi sita, na wataalamu wengi wa kupanga meno wako Nairobi. Kutoka Litein hiyo ni nauli na siku nzima ya kazi. Alaina hupunguza safari hizo.

Ukifika, uliza hivi: "Daktari, ni jino gani gumu zaidi kwangu, na plastiki ikishindwa kulisogeza, gharama ya kumalizia na waya iko ndani ya bei hii?" Ngoja jibu kabla ya kutoa simu kulipa.