Neno "Ombi" Kwenye Barua ya Kuaga

Nilipoandika barua yangu ya kuacha kazi, juu yake niliweka kichwa ambacho wengi wetu tumekizoea: "YAH: OMBI LA KUACHA KAZI". Sikukifikiria. Nilikinakili kutoka katika barua ya rafiki, naye bila shaka alikinakili kwa mwingine. Jumatatu hiyo, tarehe 4 Machi, niliikabidhi kwa mkono, nikarudi mezani kwangu kuendelea na prufu. Miaka sita nilikuwa mhariri wa vitabu vya kiada katika kampuni moja ya uchapishaji hapa Dar es Salaam, na sikujua kwamba neno moja la adabu lingenigharimu wiki nzima.

Mhariri Mkuu aliniita siku ya pili yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

"Mwanangu, umeomba," alisema, akiweka kidole juu ya kichwa cha barua. "Nami nimelitazama ombi lako, nimeona nisilikubali kwanza."

Kisha akanieleza alichokwenda kuniombea kwa mkurugenzi. Mshahara wangu ungepanda kutoka shilingi 1,450,000 hadi 1,900,000 kwa mwezi, na ningeitwa Mhariri Mwandamizi. Vijana wa mpira wanaita hali hiyo kupandishiwa dau. Ofisini wengi husema tu "ofa", na mimi nitaiita ofa ya kubaki.

Hoja yangu katika makala haya ni ya lugha. Yule mzee hakunikosea. Alinisoma sawasawa. Ombi, kwa maana yake, lina mtu wa kulikubali au kulikataa. Anayeomba amekwisha kukiri kwamba uamuzi uko kwa mwenzake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtaki mwajiriwa wa mshahara wa mwezi aombe ruhusa ya kuondoka. Inamtaka atoe notisi, isiyopungua siku 28 akishamaliza mwezi wake wa kwanza kazini, ikiwa mkataba wake hautaki zaidi ya hapo. Notisi ni taarifa. Kichwa changu kilipaswa kuwa "TAARIFA YA KUACHA KAZI", na barua nzima ingebaki na heshima ileile bila kumkabidhi mtu mwingine hatima yangu.

Najua asili ya mazoea haya, nami siyadharau. Kwetu mgeni hainuki tu mkekani akaenda zake, huomba ruhusa, naye mwenyeji humjibu "mbona mapema?" au "ngoja basi chai". Wote wawili wanajua kwamba mgeni ataondoka. Ruhusa ile ni pambo la kuagana, na "ngoja basi chai" ni pambo la kujibu. Tatizo ni kwamba ofisini pambo la kujibu lina tarakimu ndani yake, na aliyelitoa amekwenda kulipigania kwa mkubwa wake. Hawezi kulichukulia kama mchezo wa mlangoni.

Kwa upande wangu mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimetia saini mkataba wa kazi ya ukalimani Arusha, na wenyewe walikuwa wamewaarifu waombaji wengine kwamba nafasi imejazwa. Fedha haikuwa sababu. Kwa hakika Arusha walinilipa pungufu ya ile 1,900,000. Nilikuwa nimechoka kusahihisha maswali ya mazoezi, na nilitaka kufanya kazi na Kiswahili kinachosemwa. Jambo hilo hakuna nyongeza ambayo ingelitibu, na nadhani hapo ndipo mtu anapaswa kujipima kabla ya kujibu lolote. Kama kinachokuondoa ni mshahara peke yake, una haki ya kuisikiliza ofa, kuiomba kwa maandishi na kuilinganisha. Kama sicho, usiiombe kwa maandishi hata kidogo. Kuomba iandikwe ni kuingia sokoni, na aliye sokoni hawezi kulalamika akiongezewa bei.

Nilimwambia mzee nitamjibu kwa barua Alhamisi. Siku mbili zinatosha. Zaidi ya hapo anayesubiri huanza kuhesabu matumaini. Lakini barua niliyompelekea ilikuwa mbaya, na ninainukuu sehemu yake kwa kuwa ni mimi niliyeiandika:

"Nasikitika kwamba kwa sasa siwezi kuipokea ofa hii nzuri. Kama hali ingekuwa tofauti, ningefurahi sana kubaki."

Isome tena kwa jicho la mtu anayetaka ubaki. "Kwa sasa" inamwambia arudi baadaye. "Siwezi" inamwambia kuna kizuizi, na mtu mwema akisikia kizuizi huuliza ni kipi ili akiondoe. Na lile "ingekuwa… ningefurahi" ndilo kosa kubwa. Sarufi tulizosomea zinafundisha kwamba -nge- ni ya sharti ambalo bado laweza kutimia, na -ngali- ni ya sharti lililokwisha kupitwa na wakati. Katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo umefifia, na wengi hutumia -nge- kwa yote mawili. Lakini mhariri wa miaka thelathini hausahau. Alisoma kwamba hali yaweza bado kuwa tofauti, na akaenda kuitofautisha. Ijumaa asubuhi aliniita tena: shilingi 2,100,000, na cheo cha Naibu Mhariri Mkuu.

Nakiri niliona aibu. Nilikuwa nimemtuma mtu mzima, aliyenifundisha kushika kalamu nyekundu, kwenda kuomba mara mbili kitu ambacho sikukihitaji. Aibu ile ndiyo iliyonifundisha kwamba upole wangu ulikuwa wa kujilinda mwenyewe. Nilitaka nionekane sitaki kuondoka, huku naondoka.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni -ngali-: "kama hali ingalikuwa tofauti, ningalibaki". Kwa sarufi mlango umefungwa. Kwa moyo wa msomaji, hata hivyo, umemwachia majuto na lawama: kumbe mngalinipa haya mapema. Mimi sasa naona barua ya aina hii haina haja ya sharti lolote, liwe la -nge- au la -ngali-.

Safari hii sikuanza na barua. Nilimjibu palepale, uso kwa uso, kwa sababu mara ya pili mtu hastahili kuletewa bahasha. "Mzee, nimeamua kuondoka, na uamuzi huo hautabadilika. Naomba usinipiganie tena kwa mkurugenzi." Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Hata tukifika wapi?" Nikasema, "Hata tukifika wapi, mzee." Sikutaja mshahara wa Arusha, wala jina la waajiri wangu wapya, wala yaliyokuwa yakinichosha. Ukitaja sababu moja inajibiwa, ukitaja tatu zinakuwa mashitaka, na siku za kuaga si siku za kufungua kesi. Sababu yangu aliisikia mwezi mmoja baadaye, alipouliza kwa hiari yake.

Mchana huo nikaandika barua fupi, kwa kuwa maneno ya mdomo huweza kusimuliwa vingine kwa mkurugenzi:

"Ndugu Mhariri Mkuu,

YAH: KUTOIPOKEA OFA YA KUBAKI KAZINI

Nakushukuru kwa kunipokea mara mbili wiki hii na kwa ofa uliyonifuatilia kwa mkurugenzi. Najua haikuwa kazi nyepesi. Nimeitafakari, na uamuzi wangu wa kuondoka, niliokuarifu tarehe 4 Machi, unabaki ulivyo. Siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa, tarehe 5 Aprili. Kabla ya siku hiyo nitakuwa nimemaliza prufu za kitabu cha Darasa la Tano, na miswada miwili iliyobaki nitaikabidhi pamoja na maelezo ya ulipofikia kila mmoja. Naomba kukushukuru pia kwa kunifundisha kusoma sentensi kwa sauti kabla ya kuikata.

Nakala: Ofisi ya Rasilimali Watu"

Nitaeleza machache. "Unabaki ulivyo" ni kukataa kusikomtaja mtu wala fedha. Kinachosimama ni uamuzi, nasi sote wawili tunautazama kutoka pembeni. "Sitabaki" lingetosha kwa maana, lakini likiwa peke yake lina ukali wa mlango unaobamizwa. Kitenzi kimekwisha kuwa kigumu ndani, basi ulaini uwekwe nje yake, katika shukurani na katika kazi itakayomalizwa. "Nimetafakari" na lile "nimeamua" la mdomoni vina -me-, inayoeleza jambo lililotendeka na ambalo hali yake ingalipo. "Niliamua" lingemfanya mtu aulize, na leo je?

Tarehe ni ya lazima. Barua isiyo na tarehe ya mwisho hugeuka mazungumzo. Nilikuwa nimewapa siku 32, nne zaidi ya zile 28, ili wiki ya makabidhiano isiangukie kwa mtu mwingine. Na shukurani iwe ya kitu kinachoonekana. "Asante kwa yote" ni maneno ya kadi ya sikukuu. Anayeyasoma anajua hukukumbuka hata moja.

Wapo watakaoniambia kwamba hii si adabu ya Kiswahili, kwamba adabu yetu ni kuzunguka, kutumia fumbo, kumwachia mkubwa afahamu mwenyewe. Nimetunga mashairi ya mafumbo tangu nikiwa shule, na napenda msomaji anayelala na ubeti akaamka nao. Lakini fumbo linataka watu wawili walio tayari kulifumbua kwa namna moja. Mtu anayetaka ubaki atalifumbua kwa namna yake, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Zaidi ya hayo, hata wazee wetu wa mafumbo hawakuposa wala kukataa posa kwa mafumbo matupu. Palikuwa na mshenga, na mshenga alirudi na jibu.

Yapo mazingira ambayo ushauri wangu hauyafikii. Serikalini kuna taratibu zake na ngazi zake za kupitisha barua, na mwenye mkataba wa muda maalumu au deni la masomo aliyolipiwa na mwajiri asome kwanza karatasi alizotia saini, maana huko huenda kweli kuna kitu cha kuomba.

Tarehe 5 Aprili nilikwenda kuchukua cheti changu cha utumishi. Mzee alinipa cheti, na chini yake akanipa nakala ya barua yangu ile ya pili. Alikuwa ameisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama alivyosoma kila kitu. Palikuwa na sahihisho moja tu. Katika sentensi ya mwisho alikuwa amekata maneno "Naomba kukushukuru", na juu yake ameandika: "Nakushukuru".